Pampu Isiyo na Jina

Alhamisi moja asubuhi niliingia stoo nikakuta mafundi wanne wamekaa sakafuni wakichana katoni kwa visu. Katoni hizo zilikuwa na pampu ndogo za maji za umeme ambazo sisi wenyewe tulizifunga wiki tatu kabla. Zilikuwa 180, zote nzima, zote zimepita majaribio, zote zina lebo ya mnunuzi wa tatu kati ya wanunuzi wetu wakubwa wanne, na plagi ya pini mbili za duara. Lakini mnunuzi wa tatu hakuzitaka mwezi ule. Aliyetaka ni mnunuzi wa kwanza, ambaye soko lake linatumia plagi ya pini tatu, na pampu za pini tatu zilikuwa zimekwisha tangu Jumatatu.

Basi kila pampu ilitolewa kwenye katoni, kitabu cha maelezo kikatupwa, skrubu nne za mfuniko wa nyuma zikafunguliwa, waya ukakatwa, waya mwingine ukaingizwa, mpira wa kuzuia maji ukabadilishwa, bamba la jina likabanduliwa. Kisha jaribio la maji upya, jaribio la umeme upya, katoni mpya. Kuunda pampu kutoka mwanzo kulitugharimu dakika 20 za fundi. Kuibadilisha jina kulitugharimu 25. Na 11 kati ya zile 180 hazikupita jaribio la pili, kwa sababu mfuniko ulioundwa ufungwe mara moja haupendi kufunguliwa.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupanga uzalishaji. Mimi ndiye niliyeandika, wiki kadhaa kabla hazijafungwa, kwamba tuunde 180 za pini mbili. Niliandika hivyo kwa sababu makisio ya mauzo yalisema hivyo. Kilichoniuma si kwamba makisio yalikosea, maana makisio hukosea. Kilichoniuma ni kwamba stoo ilikuwa imejaa pampu na bado tulikuwa tumeishiwa pampu, siku ile ile, chini ya paa lile lile.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kiwanda kina njia mbili. Ya kwanza ni kuzalisha kwa ghala: unakisia, unaunda, unaweka, mteja akija anachukua. Anapata mzigo upesi, nawe unabeba hatari ya kuwa umekisia vibaya. Ya pili ni kuzalisha kwa oda: mteja anasema anachotaka ndipo unaanza. Hatari ya makisio inaondoka, lakini mteja anasubiri. Pampu yetu, kuanzia kumimina chuma cha mwili na kusuka koili za mota hadi kufunga katoni, ilichukua wiki nne. Wanunuzi wetu walikubali kusubiri siku tano. Kwa hiyo tulijiona hatuna la kuchagua, na kwa miaka mingi tukazalisha kwa ghala kila kitu mpaka gundi ya mwisho ya katoni.

Kosa lilikuwa kudhani kwamba uchaguzi ni wa bidhaa nzima. Bidhaa hupita hatua nyingi, na unaweza kuzalisha kwa ghala hadi hatua fulani, kisha kuanzia hapo ukazalisha kwa oda. Swali lenye faida ni hili: mzigo usubiri oda ukiwa umefika wapi? Ukisubiri mapema mno, kazi iliyobaki ni ndefu kuliko subira ya mteja. Ukisubiri mwishoni kabisa, unakuwa umeshaupa kila kipande jina la mtu ambaye huenda asije.

Nilichukua karatasi nikaandika hatua zote tisa za pampu yetu, kisha mbele ya kila hatua nikajiuliza: baada ya hapa, je, pampu hii bado inaweza kuwa ya mnunuzi yeyote kati ya wanne? Mwili wa chuma, ndiyo. Koili, ndiyo, kwa kuwa wote wanne walitumia volti 230. Hatua ya tatu, hapana. Hapo ndipo waya wa umeme ulipounganishwa ndani ya mota kabla mfuniko haujafungwa. Waya ulikuja na plagi yake, na plagi ilikuwa na nchi yake. Kuanzia hatua ya tatu kati ya tisa pampu ilikuwa tayari ina mwenyewe, na hatua sita zilizofuata, pamoja na siku zote za kukaa stoo, zilifanyika juu ya jina lililokisiwa.

Hadithi hii si yetu peke yetu. Hewlett-Packard walipitia jambo lile lile na printa za DeskJet, zilizoanza kuuzwa mwaka 1988. Printa ziliundwa Vancouver, jimbo la Washington, zikiwa tayari zimewekewa kisambaza umeme na vitabu vya soko fulani, kisha zikasafiri kwa meli karibu mwezi mzima hadi Ulaya na Asia. Zikifika, nchi moja ilikuwa na ziada huku jirani yake imepungukiwa. Dawa yao ilikuwa kutuma printa moja isiyo na nchi, na kazi ya kuweka kisambaza umeme, plagi na kitabu ikafanyika kwenye vituo vya usambazaji huko huko mbele. Ili hilo liwezekane ilibidi wahandisi wabadili umbo la printa, kisambaza umeme kiwe kitu cha kuchomekwa mwishoni. Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, nao tangu miaka ya 1970 walijulikana kwa kufuma sweta kwa uzi usiotiwa rangi na kuzitia rangi baadaye, walipoona rangi ipi inanunuliwa. Kutia rangi sweta nzima ni ghali kuliko kutia rangi uzi, na walikubali gharama hiyo ili wasibaki na rafu za rangi isiyopendwa.

Sasa niingie kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomshawishi mkurugenzi wetu, na ndiyo pia iliyonionya nisiahidi kupita kiasi.

Kila mnunuzi alichukua wastani wa pampu 100 kwa wiki. Wiki nyingine 60, wiki nyingine 150. Kipimo cha kuyumba huko, ule mkengeuko sanifu wa hesabu za takwimu, kilikuwa kama 40 kwa kila mmoja. Akiba ya tahadhari, yaani pampu za ziada unazoweka ili usiishiwe wakati mzigo mpya bado unaundwa, hupatikana hivi:

```
akiba = z × s × √L
```

Hapo s ni kuyumba kwa wiki, L ni wiki za kusubiri mzigo mpya, na z ni kiasi cha uhakika unachotaka, 1.65 hukupa uhakika wa takriban asilimia 95. Kwa mnunuzi mmoja: 1.65 × 40 × √4, sawa na pampu 132. Kwa wanne, kila mmoja na rundo lake: 528.

Ukiweka rundo moja la pampu zisizo na jina, huhitaji kujumlisha kuyumba kwa wanne kama unavyojumlisha magunia. Wiki ambayo mmoja amepanda, mwingine huwa ameshuka, na sehemu ya misukosuko yao inamezana. Kama kila mmoja anayumba kivyake, kuyumba kwa jumla si 160 bali 40 × √4, yaani 80. Akiba inakuwa 1.65 × 80 × 2, sawa na 264. Nusu kamili.

Nusu hiyo ndiyo watu hupenda kuionyesha kwenye mikutano, na nusura niionyeshe mimi pia. Lakini neno "kivyake" lilinikaa rohoni. Nilichukua mauzo ya wanunuzi wote wanne ya mwaka mzima, nikayajumlisha wiki kwa wiki, nikapima kuyumba kwa ile jumla yenyewe. Haikuwa 80, ilikuwa 100. Watatu kati yao waliuza kwenye maeneo yenye kiangazi cha wakati mmoja, kwa hiyo mmoja akipanda na wenzake mara nyingi hupanda. Akiba halisi ikawa 1.65 × 100 × 2, yaani 330. Bado ni pungufu ya 528 kwa pampu 198, na hilo ni jambo kubwa, ila si nusu. Wote wanne wangekuwa wanapanda na kushuka pamoja, jumla ingeyumba 160, na akiba ingerudi 528 ile ile. Tungekuwa tumebadilisha mashine bure. Yeyote anayefikiria njia hii naomba apime jumla yake mwenyewe kabla ya kuamini kanuni ile ya kipeuo cha pili. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kupata idhini hakukuwa na shida. Shida ilikuwa ule waya. Ili uingie mwishoni, ilibidi utoke ndani ya mota. Wahandisi wetu walitengeneza kisanduku kidogo cha viunganishi ubavuni mwa pampu, chenye mfuniko wake na mpira wake, na waya unapita kwenye kibano kinachokaza kuzuia maji. Mota ikafungwa mara moja, haifunguliwi tena, na waya ukaunganishwa nje yake kwa skrubu tatu. Mtu aliwahi kupendekeza soketi ya kuchomeka tu, kama ya kompyuta, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini pampu hukaa penye maji, na soketi ya namna hiyo haikuweza kupita jaribio la kumwagiwa maji. Kisanduku kiliongeza gharama ya kila pampu, kiasi kidogo lakini cha kudumu, na ni haki kukihesabu kila unapotaja faida.

Kikaja kingine ambacho sikukitarajia. Pampu ya chuma yenye waya wa kuunganisha ardhini lazima ipimwe moja moja, kuhakikisha kwamba kutoka sehemu ya ardhi ya plagi hadi mwili wa pampu umeme unapita bila kizuizi, na kwamba waya wa moto haugusani na mwili. Zamani tulipima mara moja mwishoni mwa mstari wa kuunda. Sasa plagi haikuwepo hapo. Kwa hiyo jaribio la maji na la koili lilibaki kwenye mstari wa kuunda, na kipimo cha ardhi na cha kuvuja umeme kikahamia meza ya kufungasha. Hiyo ilitaka mashine ya pili ya kupimia na watu waliofunzwa kuitumia. Ukisogeza kazi mbele, ukaguzi wa kazi hiyo lazima uifuate. Nimeona mahali pengine kazi ikisogezwa na ukaguzi ukaachwa nyuma. Waliogundua ni wateja.

Halafu kuna vitu vya nguo ya mwisho: waya wenye plagi, bamba la jina, kitabu, katoni. Huku nyuma kabisa nilifanya kosa langu kubwa. Nilifurahia sana kupunguza pampu hadi nikavipunguza na hivi. Wiki ya tano baada ya kuanza tulikuwa na pampu tupu za kutosha kwenye rafu na hatukuwa na waya hata mmoja wa pini tatu. Mleta waya alihitaji wiki sita. Tulisimama.

Kanuni ni ile ile, ila hesabu yake inataka moyo mwingine. Waya wa kila aina bado una mnunuzi mmoja, kwa hiyo kuyumba kwake bado ni 40, na kungoja ni wiki sita. Kwa uhakika wa asilimia 95 ningehitaji kama 162 wa ziada kwa kila aina. Lakini waya ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na pampu nzima, na haulali stoo ukila nafasi. Nikapandisha z hadi 2.33, uhakika wa asilimia 99, nikaweka 228 wa kila aina. Katoni na vitabu vivyo hivyo. Pampu zisizo na jina ziwe chache, na kile kinachozipa jina kiwe tele. Hatari moja tu iliyobaki ni kwamba mnunuzi akibadilisha nembo yake, vitabu na katoni zake zote zinageuka taka, kwa hiyo tulikubaliana nao watuarifu mapema, na vitu vyenye maandishi tukavinunua kwa mafungu madogo kuliko waya.

Yote hayo yalitengenezeka. Lililokaribia kuvunja mpango mzima lilikuwa jambo la kibinadamu, na ndilo ningependa kulikalia kidogo.

Meza za kufungasha ziliweza pampu 90 kwa siku, na wastani wa mahitaji ulikuwa 80. Zamani hiyo ilitosha, kwa sababu kufungasha kulifuata mpango wangu, na mpango wangu ulikuwa tambarare. Sasa kufungasha kulifuata oda, na oda haziji tambarare. Jumanne zilikuja 30, Ijumaa zikaja 140. Jumanne watu walikaa, Ijumaa mizigo ikachelewa. Na msimamizi wa kufungasha, mzee mwenye miaka mingi kazini kuliko mimi, alipimwa na ofisi kwa idadi ya katoni alizotoa kila siku.

Mwezi wa pili nilianza kuona rafu ya pampu tupu inapungua haraka kuliko oda zinavyokuja. Nikazunguka nyuma ya meza za kufungasha, nikakuta mlima wa katoni zilizofungwa, zenye majina, zisizo na oda. Sikuwa na hasira. Nilimuuliza.

"Mzee, hizi ni za nani?"

"Zitapata mwenyewe," akasema. "Mwanangu, Jumanne watu wangu wakikaa bure, meneja akipita hapa, utakuwepo wa kunitetea?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Tulikuwa tumemwomba asubiri, kisha tunamhukumu kwa kusubiri. Kila alipofunga pampu ya kubahatisha ili kujaza siku yake, alikuwa anairudisha stoo ile ya zamani katoni kwa katoni. Nikaelewa kwamba kuchelewesha hatua ya mwisho maana yake ni kununua uwezo wa ziada mwishoni kwa fedha unayookoa kwenye mzigo. Huwezi kuchukua kimoja ukakataa kingine.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, kipimo chake kilibadilishwa: badala ya katoni kwa siku, ikawa oda zilizotoka ndani ya siku mbili tangu kuingia. Meneja alihitaji mazungumzo marefu, na alikubali alipoona kwa macho ule mlima. Mafundi sita wa mstari wa kuunda wakafunzwa kufungasha na kupima, na meza mbili za mkono zikaongezwa, ili Ijumaa uwezo upande hadi 150.

La pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu lilitoka kwake yeye. Alisema hakuna wiki aliyoikumbuka ambayo mnunuzi yeyote alichukua chini ya 60. Nikaangalia, akawa sahihi. Basi pampu 60 za kila mnunuzi kwa wiki, 240 kwa jumla, hazina haja ya kusubiri oda. Jina lao ni la hakika. Hizo akawa anazifunga siku za utulivu, mapema, bila woga. Kinachobaki, wastani wa pampu 160 za juu zinazoyumba, ndicho kinachosubiri oda kikiwa hakina jina. Kwa hiyo bidhaa moja, kwenye meza moja, ikawa inazalishwa kwa ghala katika sehemu yake ya chini na kwa oda katika sehemu yake ya juu. Jumanne zikapata kazi ya maana na Ijumaa zikapungua uzito. Ile 60 lazima ihakikiwe kila miezi mitatu. Mnunuzi akianza kufifia, namba hiyo ndiyo itakayokuficha ukweli.

Tangu hapo niliangalia namba mbili tu kila Jumatatu. Moja, katoni zilizofungwa zisizo na oda na zenye umri wa zaidi ya wiki moja. Zikiongezeka, mtu fulani ameanza tena kukisia, na nilikwenda kutafuta nini kinamsukuma. Ya pili, pampu zilizofunguliwa ili zibadilishwe jina. Kabla ya mabadiliko hesabu hiyo haikuwa ikiandikwa popote. Ilijificha ndani ya saa za mafundi. Tulipoanza kuiandika ilishuka hadi sifuri baada ya miezi mitano, na ilipopanda tena mara moja ilikuwa ni kwa sababu bamba la mnunuzi wa pili limebandikwa kwenye pampu za wa nne. Hilo nalo ni tunda la njia hii: majina yote manne sasa yanakutana kwenye meza moja, siku moja. Tukaweka utaratibu kwamba meza moja ishike oda moja tu kwa wakati, na vitu vya oda nyingine visiwe ndani ya mkono wake.

Kuna aina moja ya pampu haikuingia kwenye mpango huu. Mnunuzi wa tano, mdogo, alitaka pampu za volti 110. Hapo tofauti haiko kwenye plagi, iko kwenye koili: idadi ya mizunguko na unene wa waya wa shaba ni vingine kabisa, na koili husukwa hatua ya pili. Idara ya mauzo ilinisihi tuweke akiba ya mota za 110 nazo zikisubiri. Nilikataa. Kwa pampu 30 kwa mwezi, za mnunuzi mmoja, hakuna anayemeza msukosuko wa mwenzake. Rundo lile lingekuwa na jina lake tangu siku ya kwanza hata likikaa bila katoni. Tulimwambia wazi kwamba kwake ni wiki nne tangu oda, na kwamba tutaanza kusuka koili akishaweka sahihi. Alinung'unika, kisha akaanza kutuma oda zake mwezi mmoja mbele.